Nimepikwa, nimepikiwa, nimenunuliwa: ile i imekwenda wapi?

*Shikamoo mwalimu. Niko Mikindani, namfundisha Kiswahili mgeni aliyekuja kujitolea. Juzi aliandika "Nimepikwa samaki na mama mwenye nyumba." Tulicheka, nikamwambia aseme "nimepikiwa". Kesho yake akaandika "Nimenunuliwa kanga", nikampa vema. Ndipo akaniuliza: kwa nini kwenye kupika aongeze i na kwenye kununua asiongeze? Na kama "kanga imenunuliwa" na "nimenunuliwa kanga" ni neno lilelile, mtu anajuaje aliyenunuliwa ni nani? Sikuwa na jibu.*

Marahaba, mwanangu. Vema uliyompa ni ya haki, na swali alilokuuliza ni zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa darasani. Jibu lenyewe ni kwamba hayo ni maneno mawili yaliyokutana katika umbo moja. "Nimenunuliwa" ya kanga ina ile i anayoitafuta. Haionekani kwa sababu "imenunuliwa" nayo ina i pale pale, ila imefika hapo kwa njia nyingine. Tuifuate njia hiyo taratibu, tukianza na kupika, maana pika ni kitenzi kisichoficha kitu. Mzizi wake ni pik-, unaishia kwa konsonanti, na chochote unachokipachika baada ya k kinaonekana.

Chukua "Mama amepika wali." Wamo wawili: anayepika na kinachopikwa. Ukipachika i unapata "Mama amenipikia wali", na sasa tumekuwa watatu. Mimi, ambaye mwanzo sikuwamo kabisa, nimeingia, tena nimepewa kiti cha mbele: ni- yangu imekaa ndani ya kitenzi, wali umebaki nje, nyuma. Hiyo ndiyo kazi ya kauli ya kutendea. Inafungua nafasi moja zaidi katika sentensi na kumkaribisha mtu ambaye kitenzi chenyewe hakikuwa na habari naye. Wageni wengi wanatoka kwenye lugha ambazo kazi hii hufanywa na neno dogo linalosimama peke yake kabla ya mtu, kwa hiyo wakitafsiri huandika "Mama amepika wali kwa ajili yangu." Inaeleweka, ila ni nzito, na mwenyeji akiisikia hudhani kuna jambo linasisitizwa, kwamba umepikwa kwa ajili yangu mimi na si kwa ajili ya fulani.

Sasa iache i, pachika w. "Wali umepikwa." Hapa kumetokea kinyume: mpishi ameondolewa kwenye kiti chake, na wali, uliokuwa umebaki peke yake, umepanda mahali pake. Ukitaka kumtaja mpishi unamrudisha kwa mlango wa nyuma kwa kutumia na: "Wali umepikwa na mama."

Kisha tia vyote viwili, i kwanza na w baadaye: pik-i-w-a. Mpangilio huo haugeuki. Hakuna "pikwia", kwa sababu w inafanya kazi juu ya kile kilichokwisha kujengwa. i imeshaniingiza mimi na kunipa kiti cha mbele, w inakuja kumwondoa mpishi, na anayepanda ni yule aliyekuwa kiti cha mbele, yaani mimi. "Nimepikiwa wali."

Rudi sasa kwenye sentensi ya mgeni wako, utaona tatizo lake liko wapi hasa. "Nimepikwa" ina w bila i. Bila i, yeye hakuwahi kupewa nafasi kwenye kupika, si kama mlaji wala kama mgeni wa nyumba. Nafasi pekee inayoweza kupanda ni ya kitu kilichokuwa chunguni. Ndiyo maana masikio yenu yalimwona yeye ndani ya sufuria, na lile neno samaki linalofuata likakosa pa kukaa.

Mfundishe kuangalia mkia wa sentensi, maana humo ndimo jibu la swali lake la pili lilimo. Kwenye "wali umepikwa", baada ya kitenzi hapadaiwi kitu. Kwenye "nimepikiwa wali", kitenzi kimebaki na deni: ukiniambia "nimepikiwa" ukanyamaza, nitakuuliza umepikiwa nini. Kauli ya kutendwa peke yake humaliza deni, kauli ya kutendewa huacha kitu kimoja nyuma. Kwa pika mkia ni msaada tu, kwa sababu i yenyewe unaiona. Kwa nunua, mkia ndio utakaotegemea.

Kabla ya kwenda huko, jambo moja ambalo mgeni mwenye akili atalijaribu. Ikiwa wamo watatu, mbona asipandishe wali badala ya mtu? Ataandika "Wali umepikiwa wageni." Mwambie hapana. Anayepanda ni yule aliyeingizwa na i, na sentensi hiyo kwa masikio yetu inasema kwamba kuna mtu aliupikia wali wageni, yaani wali ndio uliokaa mkao wa kula na wageni ndio waliopikwa. Akitaka wali usimame mbele, aseme "wali umepikwa kwa ajili ya wageni", au afanye tunavyofanya wenyewe: "wali wamepikiwa wageni", wali ukitajwa mwanzo tu kama mada na wa- ya kitenzi ikiwafuata wageni.

Haya, tuje kwenye kununua.

Tazama vitenzi hivi: nunua, chukua, fungua, pokea, ondoa, zaa, twaa. Vyote vinaishia kwa irabu mbili zilizofuatana. Zamani havikuwa hivyo. Katikati ya irabu hizo kulikuwa na l, na Kiswahili kikaiangusha kadiri muda ulivyokwenda. Jirani zetu wengi Wabantu hawakuiangusha. Waganda husema okuzaala sisi tukisema kuzaa, na husema okutwala sisi tukisema kutwaa. Hapa kwetu kusini unaweza kuisikia l hiyo bila kusafiri, na tena kwenye kupika kwenyewe. Kwa Wamakonde kupika ni kuteleka, neno ambalo katika Kiswahili limebaki na maana ya kubandika chungu motoni, na kumpikia mtu ni kutelekela. Ile -el- ya Kimakonde ndiyo ndugu yake i yetu ya pikia. Wao wameibakisha l, sisi tumeitupa.

Lakini haikutupwa kabisa. Imejificha ndani ya mzizi, na ukipachika kiambishi inajitokeza. Nunua ukiitia i ya kutendea haiwi "nunuia", inakuwa nunulia. Chukua inakuwa chukulia. Pokea na ondoa, kwa sababu zina e na o, huchukua e badala ya i, zikawa pokelea na ondolea, kama vile leta inavyokuwa letea na soma ikawa somea. Hapo hakuna shida.

Shida inaanza kwenye w. Kwenye pika ilikaa vizuri baada ya k. Kwenye nunua ingekaa wapi? Ukisema "nunuwa" hakuna atakayesikia tofauti na nunua yenyewe. Jaribu kwa mdomo wako: u ikifuatwa na a, w inatokea yenyewe hata usipoitaka. Kwa hiyo vitenzi vya aina hii havitumii w tupu. Vinairudisha l na kuitanguliza irabu kabla ya w, vikatengeneza -liw- au -lew-. Kanga imenunuliwa, mzigo umechukuliwa, mgeni amepokelewa, uchafu umeondolewa. Hiyo i ya "imenunuliwa" haimwingizi mtu yeyote. Ipo ili w ipate pa kusimama na isikike.

Sasa jenga ile nyingine, ya kununuliwa kanga. Nunua, tia i ya kutendea: nunulia. Tia w: nunul-i-w-a. Umeona tulipofika? Njia mbili, na zote zinaishia nunuliwa. Kwenye moja, i ni nguzo ya w. Kwenye nyingine, i ndiyo iliyomkaribisha mtu. Sikio haliwezi kuzitofautisha, na daftari nalo haliwezi. Kwa hiyo mgeni wako alipoandika "Nimenunuliwa kanga" aliongeza i bila kujua kwamba ameiongeza.

Ukitaka aamini, usimpe maelezo, mpe kitenzi cha kubadilishana. Mchukulie uza, ambayo mzizi wake unaishia kwa z na haufichi kitu. Panga hivi ubaoni: "Kanga imenunuliwa" badilisha iwe "Kanga imeuzwa." Kisha "Nimenunuliwa kanga" badilisha iwe "Nimeuziwa kanga." Pa kwanza hakuna i, pa pili ipo. Maana imebadilika, kwani anayeninunulia na anayeniuzia ni watu tofauti, lakini mifupa ya sentensi ni ileile. Funga na fungua ni jozi nzuri zaidi, kwa sababu moja haifichi na nyingine inaficha. "Mlango umefungwa, nimefungiwa mlango." Hapo tofauti iko wazi. "Mlango umefunguliwa, nimefunguliwa mlango." Hapo imepotea. Akikwama kwenye kitenzi chochote cha irabu mbili, atafute mwenzake wa konsonanti akiweke mahali pale pale, aone kama i inadaiwa.

Basi mtu anajuaje aliyenunuliwa ni nani? Mara nyingi kiambishi cha mwanzo kinamaliza kazi. "Imenunuliwa" inaongozwa na i- ya kanga, na kanga hainunuliwi vitu, inanunuliwa yenyewe. "Nimenunuliwa" inaongozwa na mimi, na mkia unaonyesha kilichonunuliwa. Ugumu unakuja pale mtu anaposimama mbele na mkia haupo. "Mtoto amenunuliwa viatu" ni habari njema ya sikukuu. Ondoa viatu, sema "Mtoto amenunuliwa", na umesema kwamba mtoto mwenyewe ndiye aliyelipiwa bei. Katika mji kama Mikindani, bandari ambayo watu walipitishwa kama bidhaa, sentensi hiyo ina uzito wake, na ningependa mgeni aujue. Siku hizi tunaisikia kwa wachezaji wa mpira, "fulani amenunuliwa na timu fulani", na hapo kweli hakuna mkia na hautakiwi.

Samaki naye ana mtego wake mdogo. Kwa kuwa anaishi, huchukua a- kama mtu, kwa hiyo kwenye "amepikwa" na "amepikiwa" kiambishi cha mwanzo hakikusaidii kujua kama ni samaki au ni Asha. Ndiyo maana mifano yangu niliihamishia kwenye wali. Na angalia na ya mwisho katika sentensi yake, "samaki na mama mwenye nyumba". Hata ukiisahihisha iwe "nimepikiwa samaki na mama mwenye nyumba", mtu mkorofi anaweza kusikia orodha ya vitoweo viwili. Mpishi akijulikana, sisi wenyewe hatumzungushi hivyo. Tunasema "Mama mwenye nyumba amenipikia samaki", basi. Kauli ya kutendewa tunaitumia zaidi pale mtendaji hajulikani, au hatutaki kumtaja, au mtu aliyetendewa ndiye habari yenyewe.

Nikueleze na kosa linalofanywa na wenyeji, ili usidhani ni ugonjwa wa wageni peke yao. Msimu mmoja wa korosho niliona tangazo limebandikwa ukutani, limeandikwa kwa mkono mzuri: "Wakulima wote watalipiwa Ijumaa." Watu walisimama wakaulizana, watalipiwa nini? Mmoja akadhani ni ushuru, mwingine akadhani ni usafiri wa magunia. Aliyeandika alitaka tu kusema kwamba fedha zitatoka Ijumaa. Alihisi "watalipiwa" ina heshima zaidi kwa kuwa ni ndefu zaidi.

Lipa ni kitenzi cha kuangaliwa kwa makini, kwa sababu mpokeaji wa fedha yumo tayari ndani yake, hahitaji i. Tunasema "kumlipa mkulima", na w ikija inampandisha yeye: mkulima amelipwa. Ukipachika i unaingiza mwingine, na huyo ni ama kitu ambacho fedha imetolewa kwa sababu yake, "kulipia korosho", au mtu ambaye deni lake limebebwa na mwenzake, "kumlipia mtoto ada". Kwa hiyo "korosho zimelipiwa" ni sahihi, "mtoto amelipiwa ada" ni sahihi, na "mkulima amelipiwa" inakuacha unasubiri mkia. Tangazo lilipaswa kuwa "Wakulima wote watalipwa Ijumaa." Herufi moja ndiyo iliyokuwa ikiwazuia watu kujua kama waje na mifuko ya fedha au wabaki nyumbani.

Iba nayo tunaiharibu kila siku. Kilichochukuliwa kimeibwa, aliyepoteza ameibiwa. "Simu yangu imeibwa, nimeibiwa simu." Utasikia kila mahali "simu yangu imeibiwa", hata redioni, na wengi wameshaizoea. Kwenye mazungumzo sitamkatiza mtu. Kwenye daftari la anayejifunza ningesahihisha, kwa sababu ukiikubali hiyo, huna tena hoja ya kukataa "wali umepikiwa".

Lipa imetuonyesha pia kwamba i haimaanishi msaada siku zote. Inafungua nafasi tu, na anayekaa humo anategemea kitenzi. Sufuria ya kupikia haipikiwi na mtu kwa upendo, ni chombo. Na kuna fa. Kufa hakuna w yake, hatusemi mtu "amefwa", kwa sababu hakuna wa kupanda anayekufa akiondolewa. Lakini tia i, fungua nafasi kwa yule aliyeachwa: "Mama yake amemfia." Sasa yupo wa kupanda, na w inamkuta pale: "Amefiwa na mama yake." Neno hili tunalitamka kila tunapokwenda kutoa pole, na ndani yake kuna kifo kilichoelezwa kutoka upande wa aliyebaki. Mvua nayo ni hivyo hivyo: imenyesha, imeninyeshea, nimenyeshewa. Mgeni akiielewa fiwa na nyeshewa, ataacha kutafsiri i kwa "kwa ajili ya", maana mvua haikunyesha kwa ajili yake.

Vitenzi vilivyotoka Kiarabu, kama jibu na haribu, vinaingia kwenye kundi la nunua kwa tabia ingawa havirudishi l. "Barua imejibiwa" na "nimejibiwa barua" ni umbo moja, na mkia ndio unaoamua. Sahau inajipachika l, ikawa sahauliwa. Na pa, ya kutoa, ina mpokeaji wake tangu kuzaliwa, kwa hiyo "nimepewa samaki" ina mkia bila kupitia kutendea.

Kwa somo lenu lijalo mpe pokea, kwa sababu hapo hata kiambishi cha mwanzo hakitamwokoa. Alipofika Mikindani, mtu alikwenda kumlaki. Aandike: "Nimepokelewa stendi." Mtu huyo huyo akamshika begi. Aandike: "Nimepokelewa begi stendi." Katika ya kwanza, aliyepokelewa ni yeye. Katika ya pili kilichopokelewa ni begi, na yeye ni yule aliyepunguziwa mzigo. Mwache akae nazo mpaka akuambie mwenyewe ni e ipi iliyomwingiza na ni ipi iliyoishikilia w tu. Akishindwa, mpe beba, kitenzi chenye konsonanti: begi limebebwa, nimebebewa begi.